Aliyeingia na Aliyetoka

Kabla hatujakaa sawa, nikutegee kimoja. Kuna nyumba mbili jirani. Kila nyumba ina mabinti wengi, wamejipanga kizingitini na fagio mkononi, kazi yao kufagia vumbi lisiingie ndani. Siku mabinti wakigeuka, wakaanza kufagia kuelekea ndani, mwenye nyumba analia asubuhi mpaka jioni, na wala hajafiwa. Taja.

Mji wako baki nao, sikuombi. Kaa na hicho kitendawili, kitajitegua chenyewe sasa hivi.

Anitha naye kilimshinda. Alitegewa na mama Zipora, mwenyeji wao, siku ya Jumatatu, wakati wanashusha vyombo kwenye gari: projekta, jenereta ndogo, shuka jeupe la kutundika ukutani, na kompyuta ambayo Anitha aliibeba mwenyewe kifuani kama mtoto mchanga. Alifikiri nyuki, akafikiri meno, akakata tamaa.

"Ni kope, mwanangu," Zipora akamwambia. "Na humu kijijini mabinti wamegeuka kwenye nyumba nyingi."

Ndiyo habari iliyowaleta Chihembe, kijiji cha njia ya Kondoa, mahali Wagogo na Warangi wanachota maji bomba moja na kutaniana foleni nzima. Kuna ugonjwa wa macho ule wa trakoma, wenyewe wanauita vikope. Nzi na mikono michafu huupeleka kutoka uso wa mtoto mmoja hadi mwingine. Mtoto anaugua, anapona, anaugua tena, na miaka inavyokwenda ukingo wa kope unajikunja kwa ndani. Akishakuwa mtu mzima, kila akipepesa, kope zake mwenyewe zinamkwaruza mboni. Wanawake ndio huumia zaidi, maana ndio walezi wa watoto. Wengi wao hutembea na kibanio cha chuma kifundoni mwa kanga, wakang'oana kope kila juma, nazo zinarudi ngumu kama mabua. Kidogo kidogo mboni inaingia ukungu, ukungu unakuwa weupe, na weupe huo hauondoki tena.

Dawa ya kope zilizogeuka ni kuugeuza ukingo utazame nje tena. Obedi, muuguzi wa macho ambaye kijiji kizima kilimwita daktari, aliifanya kazi hiyo kwa nusu saa, mgonjwa yuko macho, kachomwa sindano ya ganzi tu. Angeifanya zahanati ya Chihembe siku mbili, Alhamisi na Ijumaa. Kisha timu ingehamia kwingine, na kurudi ni mwakani, kama gari na fedha za mafuta zingekuwapo.

Mwaka uliopita Zipora, mhudumu wa afya wa kijiji, alizunguka nyumba kwa nyumba akakuta wanawake thelathini na mmoja wanaohitaji upasuaji. Walikuja wanne. Na katika wale ishirini na saba ambao hawakuja, mmoja alikuwa dada yake mwenyewe, tumbo moja, Emiliana.

"Jicho la kushoto limekwisha," Obedi alimwambia Anitha garini. "La kulia linakwaruzwa. Nililitazama mwezi wa pili. Likikaa hivi mpaka mwakani, siwezi kuahidi kitu."

Kwa hiyo mwaka huu waliamua kuleta picha, na mwenye picha ni Anitha.

Alikuwa binti wa mjini, wa Area D, miaka ishirini na saba, mwenye mikono ya kazi. Kadi za harusi, mabango ya semina, vipeperushi vya kampeni, vyote alivipanga vikapangika. Walipomwambia kwamba Chihembe wengi hawasomi, na wanaosoma wanafuata herufi kwa kidole, alifuta maneno karibu yote. Slaidi ishirini na nne zikawa kumi na mbili. Mahali pa sentensi akaweka picha, mahali pa "halafu" akaweka mshale, mahali pa "usifanye" akaweka alama ya kosa nyekundu. Akaziangalia kwenye kioo cha kompyuta, zikamvutia. Alijiona amemaliza.

Maonyesho ya kwanza yalikuwa Jumatatu ileile saa tisa alasiri, ndani ya ghala la ushirika, mahali walipohifadhi alizeti. Halina dirisha, ukifunga milango miwili ni giza zuri. Watu walijaa kwenye magunia na mikeka. Zipora akawatolea salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," wakaitika kwa mkupuo. Akawageukia Warangi kwa salamu yao, wakaitika nao. Kisha akawatolea ile ya fagio, wakacheka, wazee wakaijua upesi kuliko vijana.

Slaidi zikaanza. Nzi. Mtoto mwenye nzi usoni na alama ya kosa nyekundu juu yake. Mtoto ananawa. Watu walitazama kimya, Anitha akadhani ni ukimya wa kuelewa.

Slaidi ya saba ndiyo iliyokuwa moyo wa kazi. Aliweka picha tatu kwenye mstari mmoja, na mshale kati ya kila mbili. Kushoto mwanamke mwenye jicho bovu, kashika shavu. Katikati mwanamke amelazwa, amefunikwa kitambaa cha kijani mpaka usoni, daktari kamwinamia. Kulia mwanamke anacheka, gazeti mkononi. Picha zenyewe alizitoa mtandaoni, kila moja mahali pake. Wanawake hao watatu walilingana rangi ya ngozi tu, naye aliona inatosha.

Emiliana alikuwa amekaa mkeka wa mbele kabisa, uso ameuinua na kuupinda kidogo ili jicho la kulia lifike. Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeulizia mbuzi wake:

"Yule wa kwanza yuko wapi?"

"Yupi, bibi?" Obedi akauliza.

"Yule aliyeingia."

Obedi akacheka kwa upole. "Bibi, hizo ni picha tu. Ni mfano."

Emiliana akainuka. Akajifunga kanga, akajishika kwa bega la mjukuu aliyekuwa karibu, akatoka. Mlango ulipofunguliwa jua likaingia na shuka likabaki jeupe tupu. Mama mmoja wa Kirangi, Swaumu, naye akanyanyuka. "Na mie nakwenda. Nna macho yangu bado, sijafika kutaka upofu." Nyuma yake wakatoka wengine, wengine na wengine. Zipora alikuwa ameweka daftari mlangoni la kuandikisha majina. Jioni lilikuwa na jina moja tu, la Zipora mwenyewe, alilojaribia kalamu.

Jumanne asubuhi Anitha alikuta Zipora amekaa nje ya zahanati anapepeta mtama, uso wake haukunjuki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelala?"

"Sikulala. Mama, kwani wameona nini?"

Zipora akaacha ungo. "Hilo swali lako zuri. Ila unaniuliza mimi, na mimi nimesoma mpaka la saba. Kawaulize wao. Tena mmoja mmoja, ukiwauliza kwa kundi wa kwanza akisema ng'ombe, wote wataona ng'ombe. Na ukishauliza, nyamaza. Usimsaidie mtu kuona."

Wakaenda. Kompyuta ilibebwa kwenye kapu, juu yake kanga ya kuzuia jua lisiingie kwenye kioo. Anitha alikuwa na maswali mawili tu: unaona nini, na inakuambia ufanye nini. Alidhani watamaliza kabla ya saa nne.

Wa kwanza alikuwa mzee Bartolomayo, mfugaji, aliyekuwa anakata miiba ya kuzibia zizi. Akaonyeshwa yule mtoto mwenye nzi na alama nyekundu. Akaitazama kwa adabu.

"Mtoto huyu ana mwenyewe," akasema.

"Kwa nini, babu?"

"Si wamempiga chapa? Ng'ombe wa shemeji yangu wana chapa kama hii hii, miti miwili imepishana. Yao huwa pajani. Huyu sijui kwa nini wamempiga usoni."

Anitha akafungua mdomo amweleze, Zipora akamkanyaga mguu.

"Na huu mshale," mzee akaendelea ilipofika slaidi ya saba, sasa ameshanogewa, "mmemlenga huyu mama aliyelala. Kawakosea nini?"

Anitha aliandika chapa, akaandika mshale.  Alikuwa kama mtu aliyeishi nyumba moja miaka yote, siku moja akaegemea ukuta, kumbe ni mlango.

Swaumu walimkuta anaanika mboga. Hakuwakaribisha kwa maneno ila aliwasogezea kigoda. Alipowekewa slaidi ya saba magotini, akanyoosha kidole, na kidole kikatua kulia. Kwenye yule mwanamke anayecheka na gazeti.

"Huyu hapa mzima, mashallah, anasoma. Hapa," kidole kikaenda katikati, "mmemlaza, mmemfunika. Na hapa," kikafika kushoto, "jicho limeharibika, analia. Mnataka tuje tufanywe hivi, na mmetuonyesha wenyewe, hamkuficha. Nawasifu kwa hilo."

Anitha akamtazama kidole. "Mama, umeanza kusoma huku kulia?"

"Nianzie wapi tena? Msahafu nimeuhitimu mara tatu. Unaanzia kulia."

"Kumbe unasoma."

"Nani alikwambia sisomi? Mliuliza nani anasoma gazeti. Hamkuuliza nani anasoma."

Zipora akacheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga. "Mrangi huyu, usimchezee."

"Na ninyi Wagogo kaeni hivyohivyo, mnaangalia picha kichwa chini," Swaumu akajibu, na sasa alikuwa anacheka naye.

Anitha hakucheka. Alikuwa anaiona ile slaidi kwa mara ya kwanza. Picha zilezile, mpangilio uleule, na mbele ya macho yake hadithi ikageuka nyuma-mbele: mzima akaingia, kipofu akatoka. Yeye aliipanga kwa saa sita bila kujua kwamba amepanga hadithi mbili.

Kwa Emiliana walifika jua limesimama. Binti yake alikuwa amemlaza mapajani, kibanio mkononi, anamng'oa kope. Kila moja ikitoka Emiliana alivuta pumzi puani. Hakuguna. Walingoja mpaka kazi ikaisha, akaketi, jicho la kulia jekundu kama tunda.

"Nimeleta zile picha, bibi," Anitha akasema. "Nataka uniambie unaona nini."

"Nimeshakuuliza swali langu kwanza, mjukuu. Bado hamjanijibu."

"La yule wa kwanza?"

"Yule aliyeingia."

Anitha akaweka slaidi ya saba. Emiliana akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akaanza kupita juu yake polepole, kama mtu anayepita katikati ya kundi la mifugo jioni.

"Huyu wa kwanza ana masikio yaliyotobolewa makubwa, kama yangu. Nguo yake ina majani. Sawa. Huyu amefunikwa, simjui ni nani; mguu unaoonekana una kiatu, na yule wa kwanza yuko peku. Huyu anayecheka sikio lake halina tundu. Sikio halizibi, mjukuu. Nguo yake ina maua. Kichwa chake kidogo." Akainua uso. "Nimechunga tangu nina miaka sita. Ukiniletea ndama mwingine ukaniambia ndiye wangu, nitakuambia hapana, hata kama ni usiku. Aliyeingia siye aliyetoka. Basi yule aliyeingia yuko wapi?"

 Kuku alipita uani.

"Mama yetu," Zipora akasema baadaye, kwa sauti ya chini, "alipelekwa hospitali amekaa kwenye kitanda cha kamba, anaongea. Alirudi amefunikwa shuka, mpaka usoni."

"Lile lilikuwa jeupe," Emiliana akasema. "Hili la kijani."

Anitha alifunga kompyuta. Alitaka kusema samahani, lakini ilikuwa neno dogo mno kwa alichokiona. Mwanamke mwenye nusu ya jicho, ambaye hajui herufi a, alikuwa amesoma kila kitu kilichokuwamo katika ile slaidi, na kila kitu ambacho Anitha mwenyewe aliweka bila kukiona. Hawa watu hawakushindwa kusoma picha zake. Walizisoma sana. Yeye ndiye aliyeandika uongo.

Jioni hiyo alifuta slaidi zote kumi na mbili. Obedi alimwona akiangusha kidole, akashika kichwa.

"Anitha, kesho ndiyo siku ya mwisho."

"Najua. Nahitaji mtu mmoja, daktari. Mmoja tu, toka mwanzo mpaka mwisho. Na awe wa hapa."

Mtu huyo alikuwa Mishi, mmoja wa wale wanne wa mwaka jana. Mishi aliuza maandazi kando ya bomba, kijiji kizima kilimjua kwa sauti kabla ya sura. Jumatano kabla jua halijapanda alikuja amevaa gauni la kahawia, kanga nyekundu begani na mtandio wa bluu, na sharti lake lilikuwa moja: asipigwe picha akitafuna.

Wakamfuata na simu ya Anitha, naye akaigiza upya safari yake ya mwaka jana. Mishi mlangoni kwake. Mishi na Zipora wanatembea, nyuma yao tangi la maji ambalo kila mtu analijua. Mishi anaingia mlango wa bluu wa zahanati. Mishi amekaa, Obedi anatazama jicho lake. Walipofika kitandani Anitha akasimama akafikiri. Obedi hawezi kupasua bila kitambaa, kitambaa hakifichiki, na kuficha kungekuwa uongo mwingine. Basi akaipiga kwa hatua. Kwanza Mishi amelala, uso wazi, mkono wake umeshikwa na Zipora. Kisha Obedi anashusha kitambaa chenye tundu, nusu ya uso bado inaonekana, mkono uleule umeshikwa. Kisha kitambaa kimekaa, jicho liko kwenye tundu, na mkono na ile kanga nyekundu vimebaki nje, hapohapo. Kisha kitambaa kimeondolewa, Mishi ameketi, jicho limefungwa bandeji, anakunywa uji.

"Na gazeti?" Zipora akauliza.

"Hakuna gazeti. Mishi hasomi."

"Na asicheke sana," Obedi akaongeza. "Upasuaji unazuia kukwaruzwa. Jicho lililokwisha kuwa jeupe haurudishi. Tusimwahidi mtu tusichonacho."

Mishi hakucheka sana. Akapigwa anarudi nyumbani na bandeji, akapigwa Obedi akiifungua, kama vile ni kesho yake, akapigwa kando ya bomba anachambua mchele, macho yakiwa makavu.

Kisha Anitha akaketi ndani ya ghala, akafanya kazi yake. Picha moja kwa kila slaidi, ijaze shuka lote; mshale haukuwapo, kuanzia kulia au kushoto kukawa hakuna maana tena, kwa kuwa kilichotangulia kilitangulia na kilichofuata kilifuata. Alifuta nyuma ya Mishi kila kisichokuwa na kazi: mbuzi, ndoo, nguzo ya umeme iliyoonekana kama inaota kichwani mwake. Tangi na mlango wa bluu akaviacha. Jicho la karibu hakulirusha ghafla kama kitu kilichokatwa. Alianza na Mishi mzima, akasogea mabegani, akasogea usoni, ndipo jicho. Nzi akamwacha kwa ukubwa wake, kwenye shavu la mtoto wa kijijini, na slaidi iliyofuata mtoto yuleyule, shati lilelile, ananawa. Alama ya kosa hakuigusa tena.

Walipomaliza, Zipora hakukubali waonyeshwe wale wa jana peke yao. "Wale wameshajua unachotaka," akasema. Akaleta mama wawili ambao hawakuwahi kuona chochote, na Swaumu kwa kuwa, alisema, jicho lake ni kali. Mmoja mmoja, nyuma ya ghala.

"Huyu Mishi," wote walisema, kabla ya swali.

Swaumu alifika slaidi ya uji akasimama. "Mtandio uko wapi?"

Anitha akatazama. Kweli. Mishi aliona joto, akauvua, na hakuna aliyemwona.

"Mtaambiwa mmembadilisha," Swaumu akasema.

Mishi akaitwa kutoka kwenye maandazi, akavaa mtandio wake wa bluu, akanywa uji mara ya pili, analalamika kwamba uji wa kwanza ulikuwa na sukari.

Saa tisa ghala likajaa tena. Walikuja zaidi ya Jumatatu, pengine kwa sababu ya Mishi, maana alikuwa ametangaza tangu asubuhi. Emiliana akakaa mkeka wake wa mbele, uso ameuinua na kuupinda.

Obedi alikuwa amejiandaa kueleza. Anitha akamwomba angoje. Akaweka picha ya kwanza, Mishi mlangoni kwake kashika shavu, akaondoa mkono kwenye kompyuta na akahesabu pumzi zake. Kumi. Kumi na tano.

"Mishi anaumwa jicho," mtoto akasema.

"Mwaka jana hiyo," sauti nyingine.

Picha ya pili. "Anapita tangini, yuko na Zipora." Ya tatu. "Anaingia zahanati." Ghala zima sasa lilikuwa linasema. Mmoja anasema kwa Kiswahili, jirani anamgeuzia bibi yake kwa Kigogo, nyuma Kirangi kinapokea, na hadithi ikawa inapita kwa lugha tatu kutoka mkeka hadi gunia bila mtu wa timu kutamka neno. Anitha alisimama gizani kando ya projekta. Amewahi kuona watu wakitazama kazi yake wakapiga makofi. Hajawahi kuona kazi yake ikichukuliwa hivi, ikawa mali ya watu mbele yake, na yeye akabaki mtu wa kubonyeza tu.

Kitambaa kiliposhuka, ghala likanyamaza.

Emiliana akasogea mbele, kwa magoti. Akafika shukani kabisa, kivuli chake kikaingia ndani ya picha. Akainua kidole akakiweka juu ya ile kanga nyekundu, kisha juu ya mkono ulioshikwa. Anitha hakubonyeza. Walingoja wote, hata Mishi aliyejua mwisho.

Emiliana akarudi mkekani. Anitha akabonyeza. Mishi ameketi, mtandio wa bluu, kanga nyekundu, bandeji, uji.

"Huyo huyo," Bartolomayo akasema, na ghala likapumua.

Yalipoisha, Obedi akasema maneno machache: kesho, kesho kutwa, sindano inauma kidogo, bandeji inatoka siku ya pili, nyuzi zinatolewa hapahapa zahanati baada ya siku kumi hivi. Wanawake wakasimama mstari kwenye daftari. Zipora aliandika kumi na tisa. Aliandika huku anatazama mlango, maana dada yake alikuwa ametoka kimya, ameshika bega la mjukuu, kama Jumatatu.

"Amesema nini?" Anitha akauliza.

"Hajasema kitu."

"Amejibu swali langu?"

"Na wewe umejibu lake?" Zipora akafunga daftari. "Kapumzike, mwanangu."

Alhamisi alfajiri foleni ilikuwa imefika tangini. Anitha alipita akiwasalimu mmoja mmoja, akitafuta masikio yenye matundu makubwa, akayakuta mwisho wa foleni. Emiliana alikuwa amevaa nguo yenye majani, kanga ya njano, na miguu iko peku. Zipora alikuwa kando yake, anatazama kwingine, kwa kuwa akimtazama angelia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Simu yako unayo?"

"Ninayo."

"Nipige. Mzima, mpaka miguu. Masikio yaonekane. Ili kesho wasije wakauliza."

Anitha akampiga. Kisha Emiliana akaingia mlango wa bluu, na hakutaka kushikwa begani. Mkono alimpa Zipora ndani, kitambaa kiliposhuka, na hakuuachia nusu saa nzima.

Ijumaa asubuhi waliokuja kufunguliwa bandeji walikaa kwenye benchi la nje, na foleni mpya ilikuwa inawatazama. Wengine walikuwa wamekuja kuona kwanza. Swaumu alikuwa wa nne, anatafuna mdomo. Obedi akatoka na Emiliana, akamketisha, akafungua gundi taratibu. Jicho lilikuwa limevimba, lina damu kidogo pembeni, ukingo umeshonwa. Emiliana akapepesa mara moja. Akatulia, kama anayesikiliza mtu chumba cha pili. Akapepesa tena. Akapepesa mara nyingi, haraka haraka, na haukutoka ule mvuto wa pumzi puani.

"Hazifagii," akamwambia dada yake.

Zipora akajifunika uso kwa kanga.

Swaumu akachomoza kutoka foleni, mikono kiunoni, sauti ya utani lakini macho hayatanii. Kila mtu alisikia.

"Haya, Mgogo. Ulikuwa na swali Jumatatu, likatutoa sote ghalani. Jana kuna mama ameingia mlango huo, mwenye nguo ya majani, masikio kama bangili. Yuko wapi?"

Emiliana akatazama nguo yake. Akashika sikio moja, akaingiza kidole tunduni, akashika la pili. Akanyoosha miguu yake peku mbele ya foleni ili ionekane. Ndipo akamgeukia Anitha, siyo Swaumu, kwa kuwa Anitha ndiye aliyekuwa akidai jibu tangu Jumanne.

"Ulinitaka niseme ninaona nini," akasema. "Namwona yule aliyeingia. Ndiye huyu."